Mikono ya Keziya Kifuani pa Mkwewe

Kuna watu waliozaliwa na kiti, na kuna Keziya. Huyu mama wa kijiji cha Mwaya, mwenye miaka arobaini na miwili na mguu usiojua kupumzika, hajawahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Anakunywa akifagia. Kanisani, mahubiri yakifika katikati, yeye ameshatoka mara mbili kuangalia kama mvua inakuja, kana kwamba Kyela kuna siku mvua haiji. Wenzake wa kwenye mashine ya kukoboa mpunga wamezoea kumtania: "Mama Lusungu, leo umemeza samaki wa usipa wazima, wanakuchezea tumboni?" Naye hujibu bila kusimama, gunia begani, "Nyie kaeni, mkae hadi mwote mizizi."

Mashine hiyo ni ya kikundi cha akina mama, na mwendeshaji ni yeye. Anaijua kwa sauti. Mkanda ukilegea anasikia kabla haujachomoka, mota ikianza kunguruma vibaya anazima, hata kama nje kuna foleni ya magunia na mwenye gunia anatukana. Wenye haraka wa kweli, jamani, ndio wanaojua kuzima.

Mwaka juzi alikuja nesi mmoja, Doreen, kutoka mjini Kyela, kuwafundisha watu wa mashine namna ya kumwokoa aliyenaswa na umeme. Alikuja na somo lake na mdoli wa mpira usio na miguu. Wenzake Keziya walicheka mpaka machozi kuona mtu mzima anambusu mdoli. Keziya hakucheka. Nesi alipoondoka na mdoli wake, Keziya alijaza gunia pumba, akalilaza sakafuni, na kwa wiki mbili kila mashine ikipumzika yeye alikuwa amepiga magoti anabonyeza gunia na kuhesabu. Moja, mbili, tatu, mpaka thelathini. Jina la gunia likawa Marehemu. "Keziya, Marehemu kaamka?" Alikuwa anapata pa kupeleka mikono yake tu, wala hakuna aliyedhani pumba zile zingekuja kuwa na maana.

Sasa lazima niseme jambo moja kuhusu mji alikoolewa, maana bila hilo mtamwona Keziya mjinga, na Keziya si mjinga.

Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mke wa mtoto hamwoni baba mkwe. Hamwoni, hamkaribii, hamgusi, na hata jina lake halitamki. Wakikutana njiani, mwanamke anachepuka kwenye migomba anageuka mgongo mpaka mzee apite. Vijana wa mjini wameanza kulegeza, wengine wanapiga picha na wakwe zao na kuwekeana mikono mabegani, lakini mzee Yakobo hakulegeza. Alikuwa mzee wa kanisa na mzee wa ukoo, na kwake heshima ya mkwe ilikuwa kama nguzo ya nyumba, ukiigusa paa linashuka. Kwa miaka kumi na sita Keziya alikuwa jirani yake ukuta kwa ukuta, akamlimia, akampelekea chakula kwa mkono wa mama mkwe, akamzalia wajukuu watatu. Alijua kikohozi chake na unyayo wake kwenye tope. Uso wake hakuwahi kuutazama. Akimtaja alisema "mzee wa upande ule," na kila mtu alielewa.

Tena lilikuwa jambo la upendo, msidhani lilikuwa la uadui. Keziya alikuja pale akiwa yatima, na ukoo ule ndio uliompa pa kusimama. Aliogopa kitu kimoja tu duniani: kuambiwa siku moja kwamba amekosa heshima, afungashe.

Basi, mwezi wa nne mwaka huu mto ulifurika. Maji yaliingia mashambani, yakalala kwenye mpunga, yakaingia na kwenye kisima cha mzee Yakobo. Yalipopungua, kisima kilibaki kimejaa maji ya rangi ya chai yenye harufu ya vitu vilivyooza. Watu walikuwa wanaharisha vijiji vya chini. Mzee akasema kisima kikaushwe, kisafishwe, kitiwe dawa. Shauri jema kabisa. Akatafuta mota ya kuvutia maji, ile ya zamani aliyokuwa anamwagilia miche ya kokoa, akaiweka ukingoni mwa kisima juu ya tofali, na waya akaupitisha kwenye nyasi mpaka dirisha la chumba chake cha kulala. Waya haukutosha. Akaunganisha na kipande kingine, kiungio akakifunga kwa nailoni ya mfuko na mpira wa baiskeli. Kwa mkono wake mwenyewe, na bila viatu. Mzee mwenye kichwa kizuri, kiungio kama kile!

Nelson, mume wa Keziya, alikuwa Karonga ng'ambo ya mpaka, kwa ndugu zake wa upande wa mama, amepeleka mchele. Angekuwepo pengine angesema neno. Keziya alikuwa amekiona kile kiungio asubuhi akipita kwenda kwenye mashine. Kilimwasha moyoni tangu alipokiona. Lakini angesemaje? Mkwe haendi kumwambia baba mkwe kwamba waya wake mbaya. Akamwambia mama mkwe, Mama Veronika, kwa kuzunguka: "Mama, ule waya kwenye nyasi, mvua hii..." Mama Veronika akasema, "Nitamwambia akishakula." Na mzee alikuwa hajala bado.

Saa nne na nusu Keziya alikuwa anamimina mpunga kwenye mdomo wa mashine aliposikia kilio cha Mama Veronika. Hakikuwa kilio cha msiba, kilikuwa kifupi, kimekatika katikati. Alizima mashine. Mkono wake ulizima kabla yeye hajaamua. Halafu akakimbia.

Ni kama hatua mia kutoka kwenye mashine hadi kisimani, kwa njia ya katikati ya kokoa. Alipotokeza aliona mambo matatu kwa pamoja. Mzee Yakobo ameinama kisimani, kiganja kimebana bomba la mota, mwili mzima unatetemeka na taya zimekaza, hawezi kuachia na hawezi kupiga kelele. Mota inaguguma. Na Mama Veronika, amenyoosha mikono yote miwili, yuko hatua tatu kumfikia mumewe.

Ndugu zangu, hapo ndipo watu hufa wawili wawili. Umeme ukimkamata mtu, atakayemshika naye anakamatwa, na mapenzi hayasaidii kitu. Doreen alikuwa amelisema hilo mara nyingi mpaka likawachosha: ukimwona amenaswa, kwanza kata umeme, kumgusa ni baadaye.

"Mama, usimguse!"

Mama Veronika hakusikia. Keziya akaurukia ule mgongo, akadaka kitenge kiunoni, akavuta kwa nguvu zake zote za kubeba magunia. Wakaanguka wote wawili nyuma kwenye tope, wakabingirika, mama mkwe chini na mkwe juu. Mama wa watu wa miaka sitini na nane, wa kwanza kwenye kiti cha wazee kanisani, uso umejaa matope. Akampiga Keziya kofi. "Niache! Anakufa! Niache!"

"Ukimshika unakufa naye!"

Wakati huo Andrea alikuwa anatoka upande wa shamba. Andrea ni jirani, mkulima wa kokoa, mtu mwema mwenye pupa ya kusaidia. Alikuwa amesikia mahali kwamba mtu wa umeme anasukumwa kwa mti, chuma usiguse. Ni kweli. Lakini Kyela mti ulio karibu na mkono ni mgomba, na Andrea alikuwa amekata mmoja kwa panga pale pale. Anakuja nao mbio, mrefu, mbichi, maji yanatiririka hadi viwikoni.

"Andrea, tupa!"

"Ni mti!"

"Ni maji! Mgomba ni maji matupu! Tupa, utanaswa!"

Andrea akasimama, akautazama mgomba wake kama mtu aliyegundua kabeba nyoka, akautupa. "Basi niambie la kufanya!"

"Mshike mama. Usimwachie hata akikung'ata. Msisogee hapo penye maji."

Akageuka. Na hapa, jamani, ndipo maneno ya kijiji yalipoanzia, maana watu waliokuwa wanakuja mbio kutoka barabarani walichokiona ni hiki: mzee amenaswa kisimani, na mke wa mwanawe anakimbia kumwacha.

Alikuwa anaufuata waya kwa macho. Ulipita kwenye nyasi, ukapanda ukuta, ukaingia dirishani. Kuuvuta kwa nje asingethubutu, umechubuka na umelowa. Lazima aingie ndani. Chumba cha kulala cha baba mkwe! Hata kizingiti cha nyumba ile hakuwahi kukikanyaga. Miguu yake ilifika mlangoni ikasita. Ilisita kweli, sitamfichia. Kama kuvuta pumzi moja tu, lakini yeye mwenyewe mpaka leo anaihesabu pumzi ile.

Akaingia.

Giza, harufu ya kafuri na ya mwanamume aliyezeeka. Kitanda, kabati, biblia kubwa. Swichi kubwa iko wapi? Alitafuta ukuta wa mlango, hakuna. Nyuma ya kabati, hakuna. Nje mama mkwe analia jina la mumewe, "Yakobo! Yakobo!" Keziya akasonya, akaikemea nyumba nzima: "Mmeificha wapi, ninyi?" Halafu akaona koti la Jumapili la mzee limetundikwa ukutani, na chini yake kona ya kisanduku. Akalitupa koti chini. Kisanduku cha swichi, kirungu kimeelekea juu. Mikono yake ilikuwa na tope la maji, akaikausha kwenye lile koti, koti la kanisani la baba mkwe, kisha akakishusha kirungu. Tak. Akachomoa na plagi ya waya.

Mota ikanyamaza.

Alipotoka mzee alikuwa ameanguka ubavu pembeni ya kisima. Bado hakumkimbilia moja kwa moja. Alipita jikoni kwa mama mkwe akachukua mchi mkavu wa kutwangia, akausogeza waya mbali na mwili, akakitazama kisima, akatazama taa ya barazani iliyokuwa inawaka mchana kutwa: imezimika. Ndipo akapiga magoti.

"Baba!" Hakuwahi kumwita. "Baba, unanisikia?" Akamtikisa bega.

Kimya. Akamlaza chali sehemu tambarare iliyokuwa ngumu kidogo. Mdomo ukafunguka, ukatoa mkoromo mmoja mzito, kama mtu anayeota.

"Anapumua! Asifiwe Bwana, anapumua!" Andrea akapiga kelele. Nyuma yake watu walikuwa wameshafika kumi hivi, na mzee mmoja akapaza sauti ile iliyosikika tangu zamani: "Mfukieni! Chimbeni tope mumfukie hadi shingoni, udongo uvute umeme utoke!" Na wapo waliokuwa wameshaanza kuchimba. Majembe hayakuwa mbali, kijiji kizima kilikuwa kinasafisha matope.

"Wekeni majembe chini!" Keziya hajui sauti ile aliitoa wapi. "Umeme haumo mwilini. Nimeuzima kule. Kilichobaki ni moyo kusimama, na tope haliamshi moyo!"

"Lakini amekoroma..."

"Kukoroma huko ni kwa kukata roho. Si kupumua." Aliweka shavu karibu na pua ya mzee, akakitazama kifua, akahesabu hadi kumi. Hakikupanda. "Andrea, mpigie Anyisile wa bajaji aje, hapa, sasa hivi! Mwambie aipigie hospitali kwamba tunaleta mtu wa umeme."

Halafu akaweka mikono yake juu ya kifua cha mzee Yakobo, na akafumba macho.

Alifumba kwa mazoea. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mji ule, hamwangalii. Akabonyeza. Moja, mbili. Mikono ikateleza pembeni, ikaangukia mbavu. Akabonyeza tena, ikateleza tena. Gunia la pumba halikuwa na uso, na kifua hiki kilikuwa na uso, na yeye alikuwa haoni anabonyeza wapi. Hapo Keziya akalia kwa hasira, hasira hasa, kwa mila, kwa waya, kwa Nelson aliyekuwa Karonga. Akafumbua macho.

Akamwona baba mkwe. Mzee mwenye nywele nyeupe zilizokatwa vizuri, kovu dogo juu ya nyusi, midomo ya bluu. Ndio mara ya kwanza.

Akaweka kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, akanyoosha viwiko, akabonyeza kwa uzito wa mwili wake. Kifua kilizama karibu upana wa vidole vitatu, akakiacha kirudi juu kabisa, akabonyeza tena. Haraka, karibu mara mbili kwa kila sekunde. Kitu kilipasuka ndani, krak, ubavu. Wanawake walipiga mayowe. Doreen alikuwa amewaambia: ubavu unaungwa, maiti haiungwi. Akaendelea. Ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini.

Ilikuwa zamu ya kupuliza.

Akamsikia Doreen tena: kama huwezi kupuliza, bonyeza tu bila kukoma, hilo nalo linaokoa. Njia ya kupona aibu ilikuwepo, mnaona. Angeweza kuishia mikononi na kijiji kingesema basi, alimgusa tu. Lakini aliijua na hii: umeme mara nyingi huzima pumzi kabla ya moyo, na mzee huyu alihitaji hewa. Akakiinamisha kichwa nyuma, akainua kidevu, akabana pua, akaweka mdomo wake juu ya mdomo wa baba mkwe mbele ya ukoo mzima na nusu ya usharika, akapuliza mpaka kifua kikapanda. Mara moja. Mara ya pili.

"Yesu wangu," alisema mtu. Mwingine alitoka, hakutaka kuona.

Moja, mbili, tatu. Zamu ya tatu kifua kilianza kuzama kidogo kuliko mwanzo. "Andrea, njoo. Piga magoti hapa. Weka hapa hapa nilipo mimi. Viwiko vinyooke. Nikisema 'sasa,' unachukua, tusipoteze hata pigo." Andrea akachukua. Alikuwa na nguvu lakini taratibu mno. "Haraka, Andrea, unakanda unga wa nani!" Hata pale kuna waliocheka, na kicheko kikageuka kilio hapo hapo. Wakabadilishana mara mbili. Jasho, matope, tope la kofi bado shavuni mwa Keziya. Mama Veronika alikuwa amekaa chini, hatamki tena jina, anamtazama mkwe wake tu.

Ilikuwa kwenye kupuliza kwa mara ya sita au ya saba. Keziya aliinua uso na kifua kikapanda chenyewe. Akadhani ni macho yake. Kikapanda tena. Kikohozi kikatoka, kikohozi anachokijua, cha nyuma ya ukuta kwa miaka kumi na sita.

"Anapumua sasa," akasema, kwa sauti ndogo, kama anaogopa kukishtua.

Walimgeuza ubavu, goti la juu limekunjwa, kichwa kimeinamishwa ili matapishi yasimpalie. Kiganja cha kulia kilikuwa na alama nyeupe iliyoungua katikati, na unyayo wa kushoto nao una tundu jeusi, umeme ulikotokea. Mtu akaja na mafuta ya kupikia, mwingine na dawa ya meno. Keziya akawafukuza wote. Maji safi baridi ya ndoo, dakika nyingi, halafu kitambaa kisafi kilichotoka kwenye sanduku la Mama Veronika. Mzee alifumbua macho kidogo, akasema hana kitu, anataka kukaa. "Hukai," Keziya akamjibu, akashtuka kusikia anamjibu. Hata akiamka na kuimba, mtu wa umeme anakwenda hospitali, maana moyo unaweza kuasi saa kadhaa baadaye.

Bajaji ya Anyisile ilipofika walimpakia, Andrea akipakatia kichwa, Mama Veronika pembeni. Keziya aliinua mguu aingie. Mama Veronika akasema bila kumtazama: "Wewe baki."

Akabaki. Na yule mwanamke asiyejua kukaa alikosa hata pa kusimama. Alikwenda kwenye mashine, akarudi. Alifua koti la kanisani la mzee, akaona aibu kuligusa, akalianika nyuma ya nyumba yake, akaliondoa. Jioni shangazi wa Nelson alikuja, akanywa chai, akasema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi: "Mwanangu, kuokoa ni vizuri. Lakini mdomo kwa mdomo? Na mama yako ukamtupa kwenye tope? Na chumbani kwake ukaingia? Mambo matatu, Keziya. Wazee watakaa." Kijiji nacho kilikuwa kimeshasema lake: kwanza alikimbia, ndipo akarudi kumfedhehesha.

Kesho yake mchana Nelson akafika kutoka Karonga. Alimkumbatia, akamshukuru, halafu akauliza wazee watakaa lini, na swali lile lilimkata Keziya zaidi ya shangazi. "Na wewe unaona nimekosa?"

"Mimi naona baba yangu yu hai," Nelson akasema. "Lakini si mimi niliyeguswa. Tumsubiri yeye."

Tumsubiri. Keziya! Siku tatu alizunguka uwanja wa hospitali ya wilaya, hakuingia wodini. Alifanya njia kwenye majani kati ya bomba la maji na geti. Manesi walidhani ni mgonjwa wa upande mwingine. Andrea alikuja akamwambia kipimo cha moyo kimetoka kizuri, ubavu mmoja umepasuka, kidonda cha kiganja kitachukua muda. Ubavu! Akakaa chini kwa mara ya kwanza.

Siku ya tatu Mama Veronika alitoka wodini akamjia pale kwenye majani. Kitenge alichovaa ndicho kile kile, kimefuliwa, lakini doa la tope lilikuwa limegoma kutoka.

"Anakuita."

"Mama, mimi siwezi kuingia."

"Amesema mkiogopa kuja wewe na mila yako, yeye ataamka aje na mbavu zake mbovu. Unataka aanguke tena, umbonyeze tena?" Akamshika Keziya mkono, ule mkono aliomvutia kitenge, akaupapasa vidole kimoja kimoja. "Ningekuwa kaburini, mwanangu. Mimi na yeye, shimo moja. Ndaga. Ndaga fijo, asante sana."

Keziya aliingia amejifunika khanga hadi puani, macho sakafuni, akasimama mguuni pa kitanda. Nelson alikuwa pale, na shangazi, na wazee wawili wa ukoo kwenye benchi, wamekaa kama watu waliokuja kukata neno.

"Wameniambia yote," mzee Yakobo akasema, sauti imekwaruza. "Wameniambia na kwamba lazima litafutwe la kusafisha. Nawauliza hawa, kusafisha nini? Sasa nakuuliza wewe. Ulinitazama?"

Angeweza kudanganya. Alianza akiwa amefumba, hilo ni kweli, na watu walimwona.

"Nilikutazama, baba."

"Nilikuwaje?"

"Ulikuwa umekufa."

Mzee mmoja kwenye benchi akavuta pumzi. Mzee Yakobo akatikisa kichwa taratibu, akiulinda ubavu wake.

"Basi. Mtu anajificha kwa mkwe ili mkwe asimwone katika udhaifu wake. Huyu ameniona nimekufa. Kumebaki nini hapo ambacho bado nakificha?" Akawageukia wale wa benchi. "Nendeni nyumbani. Hakuna kikao."

Walitoka mmoja mmoja. Nelson naye akamfuata mama yake nje. Keziya akabaki na khanga yake usoni, hajui mikono aiweke wapi.

"Toa hiyo nguo," mzee akasema. "Wewe ulishaniona. Mimi bado sijamwona aliyenirudisha."

Akaishusha. Mzee Yakobo akamtazama kwa muda mrefu, mkwe wake wa miaka kumi na sita, machozi yanamtoka bila kuyafuta kwa sababu kiganja kilikuwa kimefungwa bandeji.

"Kumbe ndiye wewe," akasema.